Maeneo Matatu Yanayoibana Sini

Mtu akikiamuru kikokotoo kigawe sin 0 kwa 0, kitagoma na kuonyesha kuwa kuna kosa. Sini ya sifuri ni sifuri, na hakuna namba inayogawanyika kwa sifuri. Lakini akiisogelea sifuri polepole bila kuigusa, mambo hubadilika. Pembe x ikiwa 0.1, sin x ikigawanywa kwa x hutoa 0.99833. Ikiwa 0.01, jibu ni 0.99998.

Dalili zote zinaonyesha 1. Hata hivyo, dalili si uthibitisho: kikokotoo hakiwezi kumhakikishia mtu kwamba namba hizo hazitakwama njiani, tuseme kwenye 0.999995. Kinachohitajika ni hoja inayofunga kila mwanya, na hoja hiyo inapatikana kwa kulinganisha maeneo ya maumbo matatu.

Uchorwe mduara wenye kitovu O na nusu kipenyo cha urefu wa 1. Nukta A iwekwe kulia kabisa, mahali mduara unapokutana na mstari mlalo unaotoka O. Kutoka A, upandwe mzingo kidogo hadi nukta P, ili pembe kati ya OA na OP iwe x. Mwisho, mstari wima usimamishwe pale A, na OP irefushwe hadi iukate mstari huo kwenye nukta T.

Umbo la kwanza ni pembetatu OAP. Kitako chake, OA, ni 1, na kimo chake ni urefu wa P kutoka kwenye mstari mlalo, yaani sin x. Eneo lake basi ni ½ sin x.

Umbo la pili ni kipande cha mduara kilicho kati ya OA, OP na tao la AP, mfano wa kipande cha chapati iliyokatwa kuanzia katikati. Mduara mzima una pembe ya rediani 2π na eneo la π. Kipande chenye pembe x kinachukua sehemu x/2π ya eneo hilo, na hesabu hiyo inatoa ½x.

Umbo la tatu ni pembetatu kubwa OAT. Kitako ni kilekile, 1, na kimo ni AT, ambacho ndicho tan x. Eneo lake ni ½ tan x.

Pembetatu ndogo imo ndani ya kipande cha mduara, na kipande hicho kimo ndani ya pembetatu kubwa. Kwa hiyo, baada ya kuondoa nusu iliyo katika kila eneo:

sin x < x < tan x

Pembe ikiwa 0.5, namba hizo tatu ni 0.479, 0.5 na 0.546. Sasa zote zigawanywe kwa sin x. Kwa kuwa sin x ni chanya hapa, alama hazigeuki: 1 < x/sin x < 1/cos x. Hatua inayofuata ndiyo inayowaponyoka wanafunzi wengi. Sehemu hizo zikipinduliwa, mpangilio nao lazima ugeuke, maana kadiri namba chanya inavyokuwa kubwa, ndivyo 1 ikigawanywa kwayo inavyotoa jibu dogo:

cos x < sin x / x < 1

Pembe ya 0.5 inaibana sehemu hiyo kati ya 0.878 na 1. Pembe ya 0.1 inaibana kati ya 0.995 na 1. P inapoteremka kuelekea A, cos x, ambayo ni umbali wa mlalo kutoka O hadi P, inaikaribia 1. Namba iliyo katikati haina pa kwenda isipokuwa 1. Kwa pembe hasi, sin x na x hubadilisha alama kwa pamoja, hivyo jibu halibadiliki.

Wapo wanaokimbilia kanuni ya L'Hôpital, inayolinganisha kasi za kubadilika za namba ya juu na ya chini. Tatizo ni kwamba ili kujua kuwa kasi ya kubadilika ya sin x ni cos x, ni lazima kwanza kijulikane kikomo hiki hiki. Hoja ya maeneo haina mzunguko huo. Eneo la mduara, ambalo inalitegemea, lilithibitishwa na Arkimedi wa Sirakusa katika karne ya 3 kabla ya Kristo kwa kutumia poligoni za ndani na za nje ya mduara, bila kuhitaji kikomo hiki.

Sharti moja halikwepeki: pembe ipimwe kwa rediani. Kwa digrii, eneo la kipande cha mduara si ½x bali πx/360, na kikomo huwa π/180, yaani kama 0.01745. Mwanafunzi akiiona namba hiyo anapojaribu pembe ndogo, atazame kioo cha kikokotoo chake: kimewekwa kwenye DEG, na kinapaswa kuhamishiwa RAD.