Salio la Siku 28

Watu wengi wanaoomba viza ya masomo ya Uingereza hudhani afisa anataka kuona familia yenye fedha nyingi. Kumbe anachokagua kwanza ni salio la kila siku, kwa siku 28 mfululizo, kama liliwahi kushuka chini ya kiwango.

Chukua kijana wa Mwanza aliyepata nafasi chuo kimoja cha Leeds. Ada ya mwaka ni pauni 18,000, ameshalipa 6,000, na malipo hayo yameandikwa kwenye CAS, hati ambayo chuo humpa mwombaji. Amebakiza 12,000. Tangu Novemba 2025, gharama za kuishi nje ya London huhesabiwa pauni 1,171 kwa mwezi, kwa miezi tisa, yaani 10,539. Jumla anatakiwa aonyeshe pauni 22,539. Tukikadiria pauni moja kwa shilingi 3,300, hiyo ni kama shilingi milioni 74.4.

Fedha ziko kwenye akaunti ya baba yake, na hilo linakubalika, mradi aambatanishe cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba huyo na barua yake inayotaja uhusiano wao na kumruhusu mwanawe kuzitumia.

Sasa siku ya 19 baba anatoa milioni mbili kulipia matibabu ya bibi, na salio linashuka hadi milioni 73. Kesho yake anazirudisha. Kwa macho ya mzazi hakuna kilichopungua, lakini hesabu imevunjika, na siku 28 zinaanza upya. Siku ya mwisho ya taarifa hiyo nayo isizidi siku 31 kabla ya siku ya kulipia maombi. Kwa kuwa shilingi hubadilishwa kwa kiwango cha OANDA cha siku ya maombi, anayeweka milioni 74.4 kamili anacheza kamari. Aongeze milioni nne au tano.

Barua za wajomba ndizo zinazoangusha wengi. Mjomba wa Dar es Salaam akiandika barua nzuri yenye mhuri na kuambatanisha taarifa yake ya benki, haimsaidii kijana, kwa sababu kanuni zinatambua akaunti ya mwombaji mwenyewe, ya mzazi au mlezi wa kisheria, ya mwenzi anayeomba naye, au ufadhili rasmi, kama wa serikali au chuo. (Marekani ni tofauti: huko mjomba anaweza kudhamini, ila afisa wa ubalozi atapima kama kipato chake kinalingana na ahadi yake.) Mjomba akitaka kusaidia Uingereza, aitoe fedha kama zawadi mapema na ikae kwenye akaunti ya baba siku zote 28. Milioni 40 zikiingia ghafla, wekeni ushahidi wa zilikotoka, mfano mkataba wa mauzo ya kiwanja, kwani afisa anaweza kuwasiliana na benki kuhakiki, na taarifa iliyoghushiwa inaweza kumfungia mwombaji mlango kwa miaka 10.