Hotuba Inayoanzia Kwenye Daftari la Mizani

Warsha nyingi za kompyuta vijijini hufunguliwa kwa maneno yaleyale. Mgeni rasmi anawaambia wanachama kwamba dunia imebadilika na ushirika usikubali kuachwa nyuma, anapigiwa makofi, kisha mkufunzi anawasha projekta na kuanza kutaja majina ya vitufe. Karani aliyepokea mazao ya kijiji kizima kwa miaka mingi anajikuta amekaa kama mtoto wa darasa la kwanza, na hakuna aliyemwambia kwamba kazi anayokuja kujifunza ameshaifanya maisha yake yote kwa kalamu.

Naamini hotuba ya ufunguzi ina kazi nyingine kabisa. Inapaswa kufungua daftari la chama mbele ya wenyewe na kuonyesha ni mazoea gani, yaliyo sahihi kwenye karatasi, yatakayoharibu hesabu yakihamishiwa kwenye kompyuta. Hayo hayazidi manne. Mkufunzi akiyataja mapema, siku nzima inayofuata inaeleweka.

Tuchukue chama cha msingi cha wakulima wa korosho, yaani AMCOS, katika wilaya kama Newala au Tandahimba mkoani Mtwara. Huko korosho zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/2008. Mkulima analeta mzigo kwenye stoo ya chama, unapimwa, karani anaandika kilo kwenye daftari na kumpa stakabadhi. Mizigo inakusanywa na kupelekwa ghala kuu, inauzwa mnadani, na baadaye fedha zinamfikia mkulima kwenye akaunti yake ya benki baada ya makato. Kwa hiyo kilo zilizoandikwa siku ya mizani ndizo zinazoamua malipo ya siku nyingine kabisa, wakati mzigo wenyewe haupo tena wa kupimwa upya. Mstari ukipotea, kinachopotea ni fedha ya mtu.

Mkufunzi anayelijua hilo atasimama na kuanza hivi: “Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu. Kabla hatujawasha chochote, naomba karani wetu anisaidie daftari la mapokezi la msimu uliopita.” Atalifungua juu ya meza na kuwauliza wanachama wamsomee vichwa vya safu: tarehe, namba ya mwanachama, jina, kilo. “Sasa,” atasema, “hili ndilo lahajedwali, lile ambalo vijana wanaliita Excel. Mistari ipo, safu zipo. Kompyuta imeongeza jambo moja tu: inajumlisha yenyewe. Na kwa kuwa inajumlisha yenyewe, lazima tujue ni kitu gani inakihesabu na ni kitu gani inakiruka.”

Hapo ndipo kiini cha hotuba kilipo, na hapo asiharakishe. Karani mzuri hufundishwa kuandika kipimo pamoja na namba: 75kg. Kwenye fedha huandika 150,000/= ili mtu asije akaongeza tarakimu mbele. Ni uangalifu wa kupongezwa. Lakini ndani ya kisanduku cha lahajedwali, namba iliyoshikamana na herufi au alama ya namna hiyo haihesabiwi tena kuwa namba. Inakuwa maandishi, sawa na jina la mtu.

Mkufunzi achukue mistari mitano tu ya daftari na kuichapa mbele ya watu kwenye safu ya D, kuanzia mstari wa pili: 86, kisha 142, kisha 75kg, kisha 210, kisha 64. Chini yake aandike fomula ya jumla:

```
=SUM(D2:D6)
```

Jibu litakuwa 502. Awaombe wanachama wajumlishe kwa kikokotoo cha simu au kwa kalamu, nao watapata 577. Kilo 75 zimepotea, na skrini haijaonyesha alama yoyote ya kosa. Tukichukulia kwamba bei ni shilingi 2,500 kwa kilo, hizo ni shilingi 187,500 za mkulima mmoja, zimetoweka kwa sababu ya herufi mbili.

Jambo la kutisha ni ule ukimya. Kama ungejumlisha kisanduku kimoja kimoja kwa alama ya kujumlisha, kompyuta ingegoma na kuandika #VALUE! kwenye kisanduku cha jibu, na kila mtu angejua kuna tatizo. SUM haigomi. Inaruka maandishi na kuendelea. Kwenye orodha ya watu watano utagundua. Kwenye orodha ya watu mia nne, kilo 75 zikikosekana hakuna jicho litakaloliona pengo.

Zipo njia mbili za kulinasa kosa hili, na zote zinafaa kuonyeshwa ndani ya hotuba yenyewe. Ya kwanza ni ya macho: usipogusa mpangilio wa safu, namba hujisogeza upande wa kulia wa kisanduku na maandishi hubaki kushoto. Pitisha macho kwenye safu ya kilo, na kile kilichojitenga kushoto ndicho chenye mashaka. Ndiyo maana ni vibaya kuziweka namba katikati ya kisanduku ili zipendeze, kwani unaifuta dalili. Njia hii humnasa pia karani aliyezoea taipureta na kuandika herufi O badala ya sifuri, kosa ambalo jicho peke yake halilioni kirahisi.

Njia ya pili ni kuiuliza kompyuta yenyewe:

```
=COUNT(D2:D6)
=COUNTA(D2:D6)
```

Fomula ya kwanza inahesabu visanduku vyenye namba, ya pili inahesabu visanduku vyote visivyo vitupu. Katika mfano wetu ya kwanza itatoa 4 na ya pili 5. Zikitofautiana, kuna mstari mmoja au zaidi usioingia kwenye jumla, na kazi haiendelei mpaka uonekane. Kipimo chenyewe kihamie kwenye kichwa cha safu: andika “Kilo” juu mara moja, au “Kiasi (Sh)”, na chini ziwe namba tupu.

Zoea la pili ni zile alama za “kama juu”. Kwenye daftari, watu ishirini wakileta mzigo siku moja, karani huandika tarehe kwenye mstari wa kwanza na kushusha alama za nukta pacha hadi chini. Karatasi haibadiliki, kwa hiyo kilicho juu kitabaki juu. Kwenye lahajedwali mistari inahamishwa. Bodi ikitaka orodha ipangwe kwa majina, mstari wa Jumatatu unaweza kujikuta chini ya mstari wa Alhamisi, na alama ya “kama juu” sasa inasema uongo. Kila mstari ujazwe kamili, tarehe na jina la kijiji vikiwemo. Haichoshi kama inavyosikika, kwani Ctrl+D hunakili kilichomo kwenye kisanduku cha juu yake.

Na kwa kuwa tumetaja kupanga, mkufunzi atoe onyo moja hapohapo. Mtu akichagua safu ya majina peke yake na kubonyeza Sort, Excel huuliza kwanza. Chaguo sahihi ni Expand the selection, ambalo hupanga mistari mizima. Akichagua lile lingine, majina yatahama na kilo zitabaki zilipo, hivyo kila mkulima atakuwa amevishwa mzigo wa mwenzake huku jumla ikiwa sahihi kabisa. Mkaguzi anayeangalia jumla tu hatalijua hilo. Ctrl+Z huirudisha hali ya awali, mradi ukumbuke kabla hujafunga faili.

Zoea la tatu linahusu namba ambazo hazikuwekwa kwa ajili ya kuhesabu. Namba ya mwanachama 0047 na namba ya akaunti ya benki zimeundwa na tarakimu, lakini hakuna atakayezijumlisha. Zenyewe ni majina. Excel haijui tofauti hiyo. Ukichapa 0047 itabaki 47, na akaunti ya tarakimu 13 inayoanza na sifuri itapoteza sifuri yake na kuonekana kama 1.52345E+11. Orodha kama hiyo ikipelekwa benki, malipo yanaweza kurudi, na mkulima ataanza safari za kwenda ofisini kuuliza fedha yake iko wapi. Dawa ni kuchagua safu nzima na kuipa muundo wa Text kabla ya kuchapa chochote. Ukibadilisha muundo baadaye, sifuri iliyokwisha kupotea hairudi.

La nne ni jumla za katikati. Daftari lina jumla chini ya kila ukurasa, na juu ya ukurasa unaofuata jumla hiyo huandikwa tena kama “kutoka ukurasa uliopita”. Ukinakili yote kama yalivyo kwenye safu moja, SUM itajumlisha kilo za wakulima pamoja na jumla zake, na stoo itaonekana imepokea korosho ambazo hazikuwahi kuletwa. Mapokezi yakae peke yake kwenye karatasi moja, jumla zikae pengine.

Baada ya hayo kuna neno ambalo baadhi ya wakufunzi hulikwepa kwa kuogopa kuikosea heshima kompyuta: daftari halitupwi. Wino uliokatwa huacha alama, na mtu akibadilisha 75 kuwa 57 kwa kalamu itaonekana. Kwenye faili la kawaida, namba ya jana hufutwa na ya leo ikakaa bila kovu. Chama kinapokaguliwa na COASCO, Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, hesabu zake zinatakiwa kuthibitishwa kwa hati za awali. Hati hizo ni stakabadhi zenye saini na vishina vyake. Lahajedwali husaidia kujumlisha, kupanga na kutafuta, ila halishuhudii kwamba mzigo ulipimwa. Wanachama wazee mara nyingi ndio wenye wasiwasi huu, nao wana haki ya kusikia ukikubaliwa waziwazi na mkufunzi mwenyewe.

Hotuba imalizikie kwenye zoezi. Kila meza ipewe nakala ya ukurasa mmoja wa daftari ambao jumla yake inajulikana, na watu wawili wawili: mmoja anasoma mstari kwa sauti, namba ya mwanachama, jina, kilo, mwingine anachapa na kurudia alichochapa. Kwenye mstari wa kumi wabadilishane. Mzee asiyeona vizuri skrini aanze kwa kusoma, na kijana mwenye vidole vyepesi asiachwe achape peke yake mpaka mwisho. Wakimaliza waandike SUM, COUNT na COUNTA, kisha walinganishe na jumla ya karani. Meza ambayo haikulingana isiambiwe kosa liko wapi. Warudi mstari kwa mstari, wakianza na vile visanduku vilivyoegemea kushoto.