Barua ya Leipzig: Unaenda au Umefika?

Chukua barua ya mwanafunzi wa Kitanzania aliyeko Leipzig kwa rafiki yake Mjerumani: „Ich gehe in der Bibliothek.“ Alitaka kusema anaenda maktabani. Rafiki akafuta *der*, akaandika *die*.

Sisi husema “naenda maktabani” na “nasoma maktabani” bila kubadili neno. Kijerumani hubadili: baada ya *in*, kuelekea mahali hudai akuzativu, *in die Bibliothek*, kuwa mahali hudai dativu, „Ich lerne in der Bibliothek.“

Kosa la pili lilikuwa *mit meinen Freund*. Hapa mwendo hauhusiki, kwani *mit* huchukua dativu siku zote: *mit meinem Freund*. Basi kabla ya kutuma barua, kagua kihusishi kwanza, kisha kitenzi.