Usinipe Nywila, Niongeze Kwenye Ukurasa

Wafanyabiashara wengi wadogo walio na ukurasa wa Facebook wana mtu pembeni anayewaandalia picha, kuposti na kujibu wateja. Mara nyingi ni kijana anayefanya kazi kwa kujitegemea, analipwa kwa mwezi, na siku ya kwanza alipewa kazi hiyo kwa meseji moja ya WhatsApp yenye namba ya simu ya bosi na pasiwedi yake. Meseji hiyo bado ipo kwenye simu zote mbili.

Tatizo lake ni kwamba ukurasa wa biashara hauna pasiwedi. Facebook iliujenga ukurasa uendeshwe na watu kupitia akaunti zao binafsi, kwa hiyo pasiwedi iliyotumwa ile siku ni ya mwenye duka mwenyewe. Inafungua ukurasa wa vitenge, na inafungua pia mazungumzo yake na dada zake, picha alizowaonyesha ndugu tu, programu nyingine alizojisajili kwa kutumia Facebook, na kadi ya benki kama aliwahi kulipia tangazo. Masharti ya Facebook yenyewe yanakataza mtu kumpa mwingine pasiwedi yake.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana upesi. Kijana akiingia kutoka mji mwingine kwa simu mpya, Facebook hushtuka na kumtumia mwenye akaunti namba za uthibitisho. Kijana anapiga simu: "Mama, nisomee hizo namba zilizoingia." Mama anasoma. Wiki ijayo anasoma tena. Baada ya miezi michache mama amezoea kumsomea namba hizo yeyote anayejitambulisha kwa sauti ya haraka, na huo ndio mlango ambao matapeli wa simu wanautafuta kila siku.

Kijana anayejua kazi yake ataandika barua pepe kuomba utaratibu ubadilishwe. Barua hiyo si rahisi kuiandika. Mteja aliyetoa pasiwedi aliitoa kama ishara ya kumwamini mtu, na akiambiwa aibadilishe anaweza kuona kijana anaaga, au anamficha jambo. Tena barua inayomwomba mtu aguse mipangilio ya akaunti yake inafanana sana na barua za wezi. Chukua mfano wa mbunifu aliyeko Dar es Salaam na mteja wake mwenye duka la vitenge Moshi. Barua inaweza kuwa hivi:

*Kuhusu: Namna nyingine ya mimi kuingia kwenye ukurasa wa duka*

*Shikamoo mama,*

*Habari za Moshi? Picha za vitenge vipya zitakuwa tayari Ijumaa kama tulivyokubaliana.*

*Nina ombi moja. Tangu tuanze, naingia kwenye ukurasa wa duka kwa pasiwedi yako ya Facebook. Nakushukuru kwa kuniamini, lakini pasiwedi hiyo inanifungulia pia meseji zako na picha za familia, ambazo sina kazi nazo. Naomba uniongeze kwenye ukurasa kwa akaunti yangu mwenyewe, kisha ubadilishe pasiwedi yako. Siachi kazi, na malipo yetu hayabadiliki.*

*Ninachohitaji ni kuposti, kujibu wateja na kuona posti zimeonwa na watu wangapi. Sihitaji uwezo wa kufuta ukurasa wala wa kuongeza watu wengine.*

*Sikuwekei linki yoyote ya kubonyeza. Usinitumie pasiwedi mpya, wala namba za uthibitisho zitakazoingia kwenye simu yako. Kabla hujafanya chochote, nipigie kwa namba yangu ile ile ya siku zote ili uhakikishe barua hii ni yangu. Kesho jioni ukishafunga duka, kama binti yako atakuwa karibu na kompyuta, tutafanya pamoja kwa simu.*

*Tutaanza kwa kuniongeza. Nikishaona naweza kuposti, ndipo utabadilisha pasiwedi.*

*Ahsante sana mama. Wasalimie nyumbani.*

Tazama mahali ambapo barua hii inatofautiana na ya tapeli. Tapeli ana haraka: ukurasa wako utafungwa ndani ya saa ishirini na nne, bonyeza hapa. Kijana wetu amepanga kesho jioni, na amemwacha mama ampigie yeye, kwa namba ambayo mama tayari anayo. Namba iliyoandikwa ndani ya barua isingethibitisha lolote, kwa sababu mwizi wa barua pepe angeandika ya kwake. Kukosekana kwa linki nako ni kwa makusudi. Mteja akizoea kwamba mtu wake wa ukurasa hamtumii linki za kuingilia, siku ikija linki kwa jina lake atasita.

Halafu kuna ile sentensi ya "siachi kazi". Naiona kuwa muhimu kuliko maelezo yote ya kiufundi. Bila hiyo mteja atasoma barua nzima akitafuta kujua kijana anaondoka lini.

Jioni ikifika, kazi yenyewe ni fupi. Mama anaingia Facebook kwa akaunti yake na kuhamia kwenye ukurasa wa duka. Anafungua "Settings & privacy", kisha "Settings", anaingia "Page setup", halafu "Page access". Mpangilio wa vitufe hubadilika mara kwa mara, na kwenye simu hutofautiana kidogo, ila neno la kutafuta ni "Page access". Hapo ataona watu wote wenye uwezo juu ya ukurasa, na pembeni kitufe cha "Add New". Anaandika jina la kijana au barua pepe anayotumia Facebook. Kwa jina kuna hatari, maana wenye majina yanayofanana ni wengi, na mwaliko unaweza kwenda kwa mtu baki. Barua pepe ni salama zaidi, na bado ni vizuri wakaitazama picha ya akaunti wote wawili wakiwa kwenye simu.

Kabla ya kumaliza, Facebook itauliza kama mtu huyo apewe uwezo wote. Kitufe hicho kibaki kimezimwa. Mwenye uwezo wote anaweza kuongeza watu, kuwaondoa, hata kumwondoa mama mwenyewe, na kuufuta ukurasa. Mwenye uwezo wa sehemu anaposti, anajibu meseji na maoni na anaona takwimu, lakini hawezi kugusa orodha ya watu. Ipo pia njia finyu zaidi, inayoitwa "task access": mama anachagua kazi moja moja anazomruhusu, na kijana anazifanya kupitia Meta Business Suite bila kuhamia kwenye ukurasa wenyewe. Kwa mtu wa kujibu meseji tu, hiyo inatosha kabisa.

Facebook itamtaka mama aandike pasiwedi yake ili kuthibitisha kuwa ni yeye, na ataiandika mwenyewe kwenye kompyuta yake, bila kumsomea mtu kwenye simu. Kijana atapata taarifa ya mwaliko kwenye akaunti yake, na asipoukubali ataendelea kuonekana kama anayesubiriwa. Akishakubali, ajaribu kazi halisi: aandae posti ya kesho na kumjibu mteja mmoja. Wakianza na pasiwedi kabla ya hapo, kijana anatolewa nje akiwa bado hajaingia kwa mlango wake, na mteja aliyeuliza bei jioni ile anakosa jibu.

Posti ya majaribio ikipita, mama anabadilisha pasiwedi, na hapa wengi huishia nusu njia. Simu ambayo tayari imeingia inaweza kubaki ndani. Kwa hiyo aende "Accounts Center", sehemu ya "Password and security", afungue "Where you're logged in" na kutoa vifaa vyote asivyovitambua, pamoja na simu ya kijana. Kisha awashe uthibitisho wa hatua mbili, namba ziwe zinakuja kwake peke yake. Na kama pasiwedi ile ya zamani aliitumia pia kwenye barua pepe yake, ibadilishwe huko nako, kwa sababu mwenye barua pepe anaweza kuomba pasiwedi mpya ya karibu kila kitu.

Wakati mwingine zoezi hili hukwama, na kukwama huko hufichua jambo ambalo mwenye duka hakulijua. Pengine anatafuta "Page access" na haioni, au anaiona ila hawezi kuongeza mtu. Maana yake ni kwamba yeye si mwenye uwezo wote juu ya ukurasa wa duka lake. Ukurasa ulifunguliwa na mpwa wake miaka ya nyuma, au na mbunifu wa kwanza, na hadi leo uko mikononi mwa mtu huyo. Afadhali ligundulike jioni ya utulivu, mpwa akiwa bado anapokea simu, kuliko siku ya ugomvi. Mpwa ampe mama uwezo wote kwanza, na baada ya hapo mama aendelee na kijana wake.

Pengine tena hakuna ukurasa kabisa. Wengi wamefungua akaunti ya kawaida ya mtu na kuipa jina la duka. Utaitambua kwa kitufe cha "Add friend" na kwa marafiki wanaoishia 5,000, ambao ndio ukomo wa akaunti binafsi. Akaunti ya namna hiyo haina "Page access", kwa hiyo anayetaka msaidizi bila kugawa pasiwedi hana budi kufungua ukurasa halisi na kuwaalika wateja wake wahamie huko.

Kwenye matangazo ya kulipia, kuongezwa kwenye ukurasa hakumpi kijana akaunti ya matangazo ya mama wala kadi iliyomo. Akibonyeza kuitangaza posti bila kuwa ameruhusiwa pia kwenye akaunti hiyo, atajikuta anadaiwa kwenye akaunti yake mwenyewe. Kama kazi yake ni pamoja na matangazo, ruhusa hiyo iombwe peke yake, na kiwango cha matumizi kikubaliwe kabla.

Kwa Tanzania kuna sababu nyingine ya kutokawia. Meseji za ukurasa zina majina ya wateja, namba zao za simu na mahali pa kupelekewa mizigo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za namna hiyo azilinde. Pasiwedi ikishapita mikononi mwa watu watatu, mwenye duka hawezi kusema nani alisoma nini.

Jioni hiyo hiyo, kabla hajafunga kompyuta, mama amwongeze mtu mmoja wa upande wake, binti au mume, na huyo apewe uwezo wote. Akaunti ya mama ikifungiwa au kuibwa, kuna mwingine wa familia atakayeushika ukurasa. Na mkataba na kijana ukimalizika, mama atarudi "Page access", atafungua vidoti vilivyo kando ya jina lake na kumwondoa. Pasiwedi haitaguswa, na posti zote alizoweka zitabaki mahali pake.