Bodaboda tisa, namba moja: utaiaminije?

Mmiliki wa pikipiki anataka kupanga hesabu ya siku atakayomdai dereva. Tuseme kauliza madereva tisa jana waliingiza shilingi ngapi. Majibu: 9,000, 12,000, 14,000, 15,000, 17,000, 18,000, 21,000, 25,000 na 70,000.

Wastani ni kama 22,300, lakini umevutwa juu na yule mmoja wa 70,000. Madereva saba hawakuufikia. Hivyo anachukua mediani, yaani namba inayokaa katikati zikishapangwa: 17,000.

Lakini je, angeuliza madereva wengine tisa, angepata 17,000 tena?

Kwa nini hakuna fomula rahisi

Kupima shaka ya wastani ni rahisi: unapima namba zimetawanyika kiasi gani, kisha unagawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu. Kwa mediani, unatakiwa kujua madereva wote wa mjini wamesongamana kiasi gani karibu na namba ya katikati. Hilo ndilo usilolijua.

Mwaka 1979 mtakwimu Bradley Efron wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichapisha njia ya kuzunguka tatizo hili. Inaitwa butstrapu.

Inavyofanyika

Andika namba tisa kwenye vikaratasi, vitie ndani ya helmeti. Chomoa kimoja, andika namba yake, kirudishe, changanya, chomoa tena. Endelea hadi upate namba tisa, kisha tafuta mediani yake.

Usisahau kurudisha. Usiporudisha, utapata namba zilezile na mediani ileile kila mara. Ukirudisha, dereva mmoja anaweza kutokea mara tatu na mwingine asitokee kabisa, kama ambavyo ingekuwa ukiuliza watu wapya.

Kompyuta inarudia zoezi hilo mara 10,000. Panga mediani zote, kata 250 za chini na 250 za juu. Kwa namba zetu, zinazobaki zinaanzia 12,000 hadi 25,000. Hicho ndicho kipimo cha shaka, kwa kiwango cha takriban asilimia 95.

Sasa rudi kwa mmiliki. Akidai 10,000 kwa siku, anadhani dereva wa kawaida anabakiwa na 7,000 kabla ya mafuta. Kumbe huenda ni 2,000 tu.

Inapokwama

Ukichora mediani zako 10,000, utaona minara michache badala ya mlima laini, kwa sababu kila mediani lazima iwe mojawapo ya zile namba tisa. Hiyo ni dalili kwamba data ni kidogo. Kurudia mara milioni hakusaidii. Kinachosaidia ni kuuliza madereva zaidi.

Na kama wote tisa wanapaki kijiwe kimoja chenye abiria wengi, butstrapu haitagundua. Inachanganya vilivyomo kwenye helmeti tu.