Muunganisho unaoganda baada ya chai

Lalamiko lenyewe huwa hivi. Karani wa tawi anamwambia fundi: "Kaka, huu mfumo wa uhasibu asubuhi uko vizuri kabisa. Nikienda chai nikirudi, nabonyeza kuhifadhi, unaganda. Unakuja ujumbe wa kosa, nafungua upya, unakimbia." Wa intaneti anapima kasi na kusema laini ni nzima. Wa seva anasema seva imelala haina kazi. Kila mmoja anasema kweli, na karani bado anasubiri.

Hapo ndipo Wireshark inapohitajika. Ni programu ya bure inayonasa pakiti zinazoingia na kutoka kwenye kompyuta na kuzipanga kwa wakati. Gerald Combs aliitoa mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, na jina la sasa lilikuja 2006. Programu hii haitengenezi kitu. Inaonyesha nani alituma nini, saa ngapi, na nani hakujibu.

Ili kuelewa kinachoonekana, inatosha kujua desturi moja ya TCP, itifaki inayobeba kazi nyingi za mtandaoni. Kila baiti inayotumwa ina namba yake, na mpokeaji hurudisha uthibitisho kwamba amepokea hadi namba fulani. Uthibitisho usipofika kwa muda unaotarajiwa, mtumaji hutuma tena kilekile. Asipojibiwa tena, husubiri mara mbili ya muda wa kwanza, kisha mara mbili ya huo. Mtu aliye mbele ya kioo haoni lolote kati ya haya. Anaona mfumo umeganda.

Fundi anaweka Wireshark kwenye kompyuta ya karani, kwa ruhusa ya ofisi, maana kunasa pakiti ni kusoma mawasiliano ya watu. Hanasi kila kitu. Mfumo huu unazungumza na hifadhidata ya PostgreSQL iliyoko makao makuu, kwa hiyo anaandika kichujio cha kunasa kabla ya kuanza:

```
host 192.168.20.5 and tcp port 5432
```

Kisha anamwacha karani afanye kazi zake na aende chai kama kawaida. Akirudi na mfumo ukiganda, kunasa kunasimamishwa, na kichujio cha kuonyesha kinaandikwa juu ya dirisha:

```
tcp.analysis.retransmission || tcp.flags.reset == 1
```

Sehemu ya kwanza inachagua pakiti zilizotumwa tena, ya pili inachagua zenye alama ya RST, yaani zinazokata muunganisho papo hapo bila kuagana. Katika mfano wetu zinatokea pakiti sita tu. Wengi wangeishia hapo na kusema sita katika maelfu si kitu. Lakini hesabu yake haisemi mengi; kinachosema ni mpangilio wa wakati. Fundi anabofya pakiti moja kwa kitufe cha kulia, anachagua `Follow` kisha `TCP Stream` ili aone muunganisho huo peke yake, na anaweka sifuri ya saa kwenye ombi la karani aliporudi:

```
 0.000  192.168.10.23  PSH, ACK  Len=148
 0.300  192.168.10.23  [TCP Retransmission]
 0.901  192.168.10.23  [TCP Retransmission]
 2.102  192.168.10.23  [TCP Retransmission]
 4.504  192.168.10.23  [TCP Retransmission]
 9.308  192.168.10.23  [TCP Retransmission]
18.916  192.168.10.23  RST, ACK
```

Ombi la baiti 148 limetumwa, likarudiwa mara tano, na kila subira ni mara mbili ya iliyotangulia. Upande wa pili hakuna hata neno. Karibu sekunde 19 zinapita ndipo Windows ya karani inakata tamaa na kutuma RST yenyewe. Hizo sekunde ndizo karani anaziita kuganda. Mstari unaofuata ni muunganisho mpya kwa seva ileile, na jibu lake linarudi kwa milisekunde 12.

Kebo mbovu au laini iliyosongamana haifanyi hivi. Ingepoteza pakiti moja hapa, nyingine pale, katikati ya nyingine zinazofika salama. Mpokeaji angekuwa anarudia uthibitisho uleule, ambao Wireshark huuandika `[TCP Dup ACK]`, na mtumaji angejaza pengo haraka bila kungoja saa yake. Hapa muunganisho mmoja umekufa kabisa huku mwingine ukizaliwa papo hapo kwenye njia ileile. Juu ya hayo, kabla ya ombi hilo kuna ukimya wa dakika 40: chai, na mazungumzo ya chai.

Shuku inaangukia ukuta wa moto ulio kati ya tawi na makao makuu. Kifaa cha aina hii huweka orodha ya miunganisho inayopita, na usiopitisha kitu kwa muda fulani kinaufuta. Kompyuta ya karani na seva hazina habari. Kila moja inaamini bado wameunganishwa. Ombi la baada ya chai likifika, kifaa hakilitambui, na kinalitupa kimyakimya.

Shuku si ushahidi. Kunasa upande mmoja kunaonyesha kwamba jibu halikuja, lakini hakusemi ombi lilipotelea wapi. Kwa hiyo fundi ananasa tena, mara hii kwenye kompyuta ya karani na kwenye seva kwa pamoja, saa zao zikiwa zimelinganishwa. Kama ombi na marudio yake vimefika kwenye seva na seva imejibu, basi jibu ndilo linalopotea njiani kurudi. Kama kwenye seva hakuna chochote kwa dakika ile, basi limetupwa katikati. Katika mfano huu seva haikuona kitu, na mabishano kati ya wa seva na wa laini yanakwisha.

Vifaa vingine havinyamazi, hutuma RST. Kifaa cha NAT cha Amazon, kwa mfano, hufuta muunganisho uliokaa kimya sekunde 350 na kujibu pakiti ijayo kwa RST. Hapo mfumo hauengi muda mrefu, unakatika mara moja. RST ya namna hiyo inaweza kuja na anwani ya seva ingawa seva haikuituma. Njia nzuri ya kuishuku ni kutazama TTL, namba inayopungua kila pakiti inapovuka ruta: kama pakiti zote za seva zinafika na 61 na RST ina 254, huenda imetoka kwa mwingine njiani. Pia si kila RST ni ugonjwa. Vivinjari vingi hufunga miunganisho yake hivyo kila siku.

Dawa ina njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza muda kwenye ukuta wa moto. Pendekezo la RFC 5382 kwa vifaa vya NAT ni usipungue saa 2 na dakika 4. Ya pili ni kuufanya muunganisho usikae kimya. Linux na Windows zinaweza kutuma pakiti ndogo ya kuuliza kama mwenzake yupo, lakini kwa kawaida husubiri saa 2 kabla ya kuuliza, na kama ukuta wa moto unafuta baada ya nusu saa, swali hilo linachelewa. Kwenye PostgreSQL muda huo unabadilishwa kwa mstari mmoja, kwa sekunde:

```
tcp_keepalives_idle = 600
```

Karani anakwenda tena chai, na kunasa kunaendelea. Kila baada ya dakika 10 za ukimya inatokea `[TCP Keep-Alive]` kutoka kwenye seva, ikifuatwa na `[TCP Keep-Alive ACK]` ya kompyuta ya karani. Akirudi na kubonyeza kuhifadhi, jibu linakuja kwa milisekunde 12 kwenye muunganisho uleule wa asubuhi.