Ndoto ya Wangari na Walioisikia

Ukiwa na ndoto kubwa, wa kukuvunja moyo hawakosekani, na mara nyingi ni watu wa nyumbani. Wengi watakushauri ufunge mdomo. Sikubaliani nao, maana ndoto inayohitaji mikono ya watu haitimii kwa siri. Afadhali umpime kila anayekusikiliza kwa kile alicho nacho cha kukupa. Wangari Maathai aliambulia majibu ya kila aina.

Jaribio lake la kwanza, kampuni ndogo ya kupanda miti jijini Nairobi, halikufika mbali. Mwaka 1976 miche yake ilikauka kwa kukosa maji. Wenye kucheka walikuwa na la kusema. Hata hivyo aliupeleka mpango wake kwenye Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, wanawake wenye mtandao hadi vijijini, na tarehe 5 Juni 1977 miti saba ikapandwa katika bustani ya Kamukunji.

Baadaye alimwendea mkuu wa idara ya misitu akimwambia wanataka kupanda mti mmoja kwa kila Mkenya, yaani miti milioni 15. Bwana yule akacheka, akaahidi miche yote bure. Haukupita mwaka akabatilisha ahadi, kwa kuwa wanawake walikuwa wanaichukua kwa wingi asioutarajia. Angeondoka ofisini kwa hasira ya kuchekwa, Wangari angeikosa miche ile ya mwanzo.

Mabwana misitu waliotumwa kuwafundisha wanawake walikuwa kikwazo kigumu zaidi. Walizungumzia mteremko wa ardhi na vifaa maalumu, na kwao kupanda miti kulitaka mwenye diploma. Kauli ya namna hii huumiza, lakini ichambue. Ndani yake mna hoja ya kweli kwamba mche una mahitaji yake, na mna dharau kwamba wewe huwezi kuyajifunza. Hoja ichukue, dharau iache. Dalili ya dharau ni kwamba ukiuliza, "Basi nianzie wapi?" hupati jibu.

Wangari aliwaambia wanawake watumie akili yao ya ukulima. Wakachunguza mbegu zinavyoota zenyewe porini, wakaotesha miche kwenye vyungu vilivyovunjika na kuviweka juu, mbali na kuku na mbuzi. Mikebe waliitoboa ikawa ya kunyunyizia maji.

Kwa hiyo, kabla hujasimulia, jiulize mtu huyu ana nini: ardhi, fedha, ujuzi, au muda wa kushika jembe? Shangazi mwenye hofu na asiye na lolote kati ya hayo mpe habari kazi ikishaanza kuonekana. Mwenye kitu mwombe kitu hicho hasa, kama Wangari alivyoomba miche. Kwa wanawake wa vijijini alikuja na kazi yenye malipo, senti chache kwa kila mche ulioshika.